Mwongozo Kamili wa Kutunga Shairi la Mlima kwa Wanafunzi wa Msingi: Kutoka Mashamba ya Chai hadi Kilele cha Mawe

Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa gredi ya nne hadi ya sita jijini Nairobi anayetaka kuwatungia wanafunzi wake shairi moja kuhusu Mlima Kenya, shairi ambalo litakaririwa kwa pamoja na ambalo litampandisha msikilizaji kutoka mashamba ya chini, kupitia msitu na mianzi, hadi juu kabisa ambako hakuna kinachoota. Nitalitunga shairi hilo hapa hatua kwa hatua, nikionyesha maneno yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, kwa sababu utunzi hufundishika vizuri zaidi pale mtu anapouona ukifanyika.

Jambo la kuamua kabla ya kushika kalamu ni hili: kitu gani kitamfanya msikilizaji ahisi kwamba anapanda? Mashairi mengi ya mlima yanayokaririwa na watoto hayapandi. Yana beti tano zinazosema mlima ni mrefu, ni mzuri na una theluji, na ukibadilisha ubeti wa pili na wa nne hakuna atakayegundua. Mlima wenyewe haujajengwa hivyo. Kadiri unavyoupanda, ndivyo unavyopoteza vitu: kwanza unawaacha watu, kisha miti mirefu, kisha mianzi, kisha nyasi, na mwishowe unabaki na mawe, barafu na hewa haba. Shairi linaloufuata mlima halina budi kupunguza vitu ubeti baada ya ubeti. Kanuni hiyo moja ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: chagua upande mmoja wa mlima

Mlima Kenya hauko sawa pande zote. Upande wa mashariki na wa kusini hupata mvua nyingi, nao una msitu mzito na ukanda mpana wa mianzi. Upande wa kaskazini ni mkavu, una mierezi, na mianzi ni haba sana huko. Mtunzi anayechanganya pande hizi mbili hutunga mlima usiokuwepo, na mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ni Meru, Embu au Nanyuki atalitambua kosa hilo kabla ya mwalimu.

Nimechagua njia ya Chogoria, upande wa mashariki, kwa kuwa ngazi zake zinaonekana wazi na zinafuatana vizuri. Chini kuna mashamba ya kahawa na chai. Juu yake unaanza msitu wenye miti mikubwa, tembo, nyati na mbega. Kuanzia kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari mianzi inatawala, na inaendelea hadi karibu mita 3,000. Baada ya hapo miti huwa mifupi, nchi inafunguka, na kuanzia kama mita 3,500 unakuta nyasi ngumu zilizoota kwa mafungu pamoja na lobelia kubwa zinazozidi kimo cha mtu. Kutoka mita 4,500 kwenda juu karibu kila kitu ni mwamba.

Amua pia ni kilele kipi utakachofikia. Kilele cha juu kabisa ni Batian, chenye mita 5,199, kikifuatwa na Nelion chenye mita 5,188, lakini vyote viwili hupandwa kwa kamba na vifaa vya wakwea miamba. Mpandaji wa kawaida huishia Lenana, mita 4,985. Shairi letu linasema "tupande" na linamaanisha watu wa kawaida, kwa hiyo kilele chetu ni Lenana, na uamuzi huo utabadilisha mshororo mmojawapo wa ubeti wa mwisho, kama tutakavyoona.

Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kulipokea somo hili hata kama hajawahi kufika mlimani. Mlima uko kilomita zipatazo 150 kaskazini mwa jiji, na asubuhi iliyotakata baada ya mvua huonekana kutoka kwenye ghorofa za juu kabla mawingu hayajaufunika. Mashamba ya chai yako Limuru, mwendo mfupi tu. Msitu wa Karura una mianzi na una mbega, hivyo ziara ya nusu siku humpa mtoto ngazi mbili kati ya tano kwa macho na masikio yake mwenyewe. Kilichobaki, yaani baridi, anaweza kukihesabu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo mchana ambapo darasa lina nyuzi 22, pale Lenana ni karibu na sufuri. Hesabu hiyo ifanywe ubaoni kabla ya shairi kusomwa, kwa sababu bila hiyo ubeti wa tano utakuwa maneno matupu kwa mtoto.

Hatua ya pili: chagua umbo

Ninapendekeza tarbia, yaani beti zenye mishororo minne, kila mshororo ukiwa na vipande viwili vya mizani nane nane. Mizani nane ndiyo pumzi moja ya mtoto wa miaka kumi anayekariri kwa sauti kubwa, naye anapata nafasi ya kuvuta hewa mwishoni mwa kila kipande bila kukata neno. Beti tano zinatosha. Zitatoa mishororo ishirini, ambayo kundi likienda kwa utulivu litaimaliza kwa muda wa kama dakika mbili, na kumbukumbu ya mtoto huimudu. Wapo watakaopenda shairi huru, nami sina ugomvi nalo kwa kusoma kimya, ila kwa watoto arobaini wanaosema pamoja, bila mizani kila mmoja atakwenda kwa kasi yake.

Kwa kina cha mwisho nimechagua "-ni", kikidumu katika beti zote. Sababu ni kwamba shairi hili ni la mahali, na Kiswahili hutaja mahali kwa silabi hiyo: shambani, matopeni, mianzini, njiani, kileleni. Kina chenyewe kinambeba msikilizaji kutoka mahali hadi mahali. Hatari yake ni urahisi. Mishororo yote ishirini ikiishia kwa jina la mahali, sikio huchoka, kwa hiyo hakikisha kwamba mara mojamoja "-ni" inatoka kwingine, kwa mfano katika kitenzi kama "hulioni" au neno kama "makini". Kina cha kati kibadilike kila ubeti, ili kila ngazi ya mlima iwe na mlio wake.

Hatua ya tatu: tunga kibwagizo kabla ya kitu kingine

Kibwagizo ndicho kitakachosemwa na darasa zima, hivyo kiwe rahisi na kiwe cha kweli. Nimetunga hiki:

*Tupandeni polepole, tutafika kileleni.*

Kihesabu kwa vidole: tu-pa-nde-ni-po-le-po-le ni mizani nane, na tu-ta-fi-ka-ki-le-le-ni ni nane. Neno "polepole" halikuwekwa kwa ajili ya kujaza mizani. Anayepanda Mlima Kenya kwa haraka hupata maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa sababu mwili haujazoea uchache wa hewa, na dawa ya kwanza ambayo waongozaji wa wapandaji huhimiza ni kwenda taratibu na kulala njiani. Mtoto akikariri kibwagizo hiki mara nne, anakuwa amebeba ujuzi wa kweli wa mlima.

Kibwagizo kina kazi nyingine. Katika ubeti wa tano kitabadilika wakati na kuwa *Tumepanda polepole, tumefika kileleni*, mizani ikibaki vilevile. Badiliko hilo dogo ndilo linalotangaza kwamba safari imefika. Kimila kibwagizo hurudiwa bila kuguswa, na ningekiacha hivyo kama shairi lingekuwa la sifa au la mawaidha. Katika shairi la safari, kuendelea kusema "tutafika" wakati umesimama kileleni ni kosa la maana.

Hatua ya nne: hesabu mizani kwa sikio

Walimu wengi hujikwaa kwenye herufi "m" na "n" zinazotangulia konsonanti nyingine. Neno "mlima" lina mizani tatu, m-li-ma, kwa kuwa "m" yake husimama peke yake. Neno "mbega" lina mbili, mbe-ga, kwa kuwa "m" imeungana na "b". Maandishi hayatakusaidia kila mara, kwa maana "mbuzi" lina mizani mbili na "mbunge" lina tatu ilhali yanaanza kwa herufi zilezile. Piga makofi unapolitamka neno kwa mwendo wa kawaida, na kofi litakuambia.

Kipande kikizidi kwa mizani moja, njia salama ya kwanza ni kufupisha wakati wa kitenzi: "inamea" yenye mizani nne inakuwa "yamea" yenye tatu, na "inavuma" inakuwa "yavuma". Watoto huzoea umbo hili upesi. Inkisari kali zaidi, zile za kukata silabi katikati ya neno, ninazikwepa katika shairi la shule ya msingi. Mshairi mkomavu ana uhuru huo, lakini mtoto ambaye bado anajifunza tahajia atalibeba neno lililokatwa hadi kwenye insha yake.

Hatua ya tano: andika ubeti mmoja kikamilifu kabla ya kwenda kwa mwingine

Nitauchukua ubeti wa mianzi, kwa sababu ndio uliosumbua zaidi na ndio unaofundisha zaidi. Nilianza kwa kuorodhesha kinachotokea mtu anapoingia kwenye mianzi: njia inakuwa nyembamba, mashina yanagongana upepo ukipita, mwanga unapungua, na ukungu unashuka ghafla. Hakuna sifa yoyote katika orodha hiyo, kuna matukio tu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kisha nikalitafuta neno litakalotoa kina cha kati. Neno "mianzi" ndilo lililonijia kwanza, lakini "-nzi" ina maneno machache mno yanayofaa. Neno "nyembamba" lilikuwa bora, kwa kuwa "-mba" ina ukoo mkubwa: kuimba, kukumba, kamba, pamba, mwamba, nyumba. Hapo kazi huwa ni kukataa. Mwamba nikauweka kando kwa ajili ya ubeti wa mwisho, kwa sababu ukitajwa mapema kilele kitakuwa kimeshaibiwa. Nyumba haipo mahali hapo. Pamba ilishawishi zaidi, maana "Ukungu ni kama pamba" ni mizani nane kamili na hutamkika vizuri. Hata hivyo mtoto ameshaisikia tashbihi hiyo kuhusu mawingu katika insha nyingi, na haimwambii chochote kuhusu kile ambacho ukungu humfanyia mtu anayetembea. Kwa hiyo nikauliza, ukungu unafanya nini? Unakukumba ghafla, na yule aliye mbele yako unampoteza. Basi:

*Ukungu umetukumba, hatuonani njiani.*

Sasa ukungu umekuwa tukio. Watoto wakiusema mshororo huu husogeleana bila kuambiwa, na hiyo ni dalili nzuri kuliko maoni yoyote ya watu wazima.

Mshororo wa upepo ulianza hivi: "Mashina yake huimba, kwa sababu ya upepo". Maana ilikuwa sahihi na mizani ilitimia pande zote mbili, ila kina cha mwisho kilianguka kwenye "-po". Nilipougeuza kuwa "upepo ukiwa ndani", kina kilirudi, na ile "kwa sababu ya", ambayo ni lugha ya jibu la mtihani, ikaondoka. Mara nyingi kina kinapokataa, chanzo ni kwamba sentensi ilikuwa ya maelezo tangu mwanzo.

Beti nyingine zilifuata njia hiyo hiyo. Hili ndilo shairi zima:

Tupandeni Polepole

Hapa chini ya mlima, chai yamea shambani,
Wakulima wanachuma, vikapu vi migongoni,
Mito baridi yavuma, ikishuka mabondeni,
Tupandeni polepole, tutafika kileleni.

Sasa tunaona miti, mirefu hadi angani,
Nyayo zile ni za nyati, zimebaki matopeni,
Mbega hutoa sauti, akiruka matawini,
Tupandeni polepole, tutafika kileleni.

Njia sasa ni nyembamba, twaingia mianzini,
Mashina yake huimba, upepo ukiwa ndani,
Ukungu umetukumba, hatuonani njiani,
Tupandeni polepole, tutafika kileleni.

Miti mirefu hapana, nyasi zatanda nyikani,
Lobelia huyabana, majani yake jioni,
Pimbi juani mchana, wametulia maweni,
Tupandeni polepole, tutafika kileleni.

Miamba imejikaza, hata jani hulioni,
Hewa imejipunguza, twapumua kwa makini,
Jua linapochomoza, barafu yang'aa chini,
Tumepanda polepole, tumefika kileleni.

Hatua ya sita: kagua kama shairi linapungua linavyopanda

Soma beti ukihesabu viumbe. Katika ubeti wa kwanza wapo watu, chai na mito. Katika wa pili watu wametoweka na nafasi yao imechukuliwa na wanyama, na hata hao hawaonekani wote: nyati tunaona nyayo zake tu, jambo ambalo ni la kweli kwa anayetembea msituni na ni la kutisha kidogo kwa mtoto kuliko nyati mwenyewe. Katika ubeti wa tatu hakuna mnyama hata mmoja, ingawa tembo hupita mianzini, kwa sababu ukungu umeficha kila kitu na ningemweka tembo pale, ukungu ungepoteza nguvu. Katika wa nne kuna mmea mmoja unaotajwa kwa jina na mnyama mmoja. Katika wa tano hakuna.

Ona jinsi "hata jani hulioni" inavyotegemea ubeti uliotangulia. Lobelia imeonyeshwa ikiyabana majani yake jioni, na msikilizaji bado analikumbuka jani hilo anapoambiwa kwamba sasa halipo. Ukiuondoa mshororo wa lobelia, upara wa kilele unapungua uzito. Mshororo wenyewe ni wa kweli: usiku wa juu mlimani huganda, mchana jua huchoma, na lobelia ya huko hukunja majani yake kuelekea ndani giza linapoingia ili chipukizi la katikati lisiuawe na baridi. Mwanafunzi anayefundishwa sayansi kuhusu namna mimea inavyojihami atalielewa jambo hili mara moja, na mwalimu anaweza kulisogeza kwenye somo hilo akitaka.

Pimbi naye alichaguliwa kwa uangalifu. Ni mnyama mdogo mwenye manyoya mazito ambaye huishi kwenye miamba ya juu na hupenda kujianika juani. Mtunzi asiyejua huweka simba hapo, au nyani, kwa sababu ni wanyama wanaojulikana na watoto. Kila mnyama akaguliwe kwa ngazi yake: mbega hawezi kupanda hadi ubeti wa nne, kwa kuwa hana mti wa kurukia.

Kuhusu barafu, uamuzi wa kilele ndio unaojitokeza hapa. Aliyesimama Lenana wakati wa macheo, ambao ndio wakati wapandaji wengi hufika, huuona mto wa barafu wa Lewis ukiwa chini yake, na ndiyo maana mshororo unasema "barafu yang'aa chini". Barafu hiyo imepungua sana katika miongo iliyopita na inaendelea kupungua. Michoro ya vitabuni inayoufunika mlima wote kwa weupe haifanani na anachokiona mpandaji wa leo, na shairi lililoandikwa sasa lisirudie weupe huo. Theluji huanguka, naam, lakini huyeyuka, na mahali pengi palipo wazi ni jiwe la kijivu. Ndiyo sababu mshororo wa kwanza wa ubeti wa mwisho umepewa miamba na barafu imesubiri hadi wa tatu.

Hatua ya saba: lijaribu kwa wanafunzi

Jaribio ninaloliamini kuliko mengine ni la vipande vya karatasi. Andika kila ubeti kwenye kipande chake bila namba, ukiacha kibwagizo, vichanganye, kisha wape wanafunzi wawili wawili wavipange kutoka chini hadi juu. Wakivipanga sawasawa, shairi linapanda. Wakibishana kuhusu beti mbili fulani, beti hizo hazijatofautiana vya kutosha, na mara nyingi tatizo huwa ni maneno ya sifa yaliyojaa mahali pa vitu. Kwa shairi hili, ubishi ukizuka huenda ukawa kati ya ubeti wa pili na wa tatu kwa wanafunzi wasiojua kama mianzi huwa juu au chini ya miti mikubwa. Hapo kosa si la shairi. Mwalimu aoneshe ngazi hizo kwa mchoro ubaoni.

Jaribio la pili ni la kuchora. Msomee mwanafunzi mshororo mmoja na umwambie auchore. "Nyayo zile ni za nyati, zimebaki matopeni" utachorwa kwa urahisi. "Hewa imejipunguza" hautachorwa, na wengi watakaa na penseli mkononi. Sikuuondoa mshororo huo kwa sababu hiyo, kwa kuwa uchache wa hewa ni sehemu ya ukweli wa kilele, ila niliufuatisha na "twapumua kwa makini", ambao mtoto anaweza kuutenda kwa kifua chake. Mshororo usiochoreka hukubalika pale tu unapotendeka.

Sikiliza pia makosa ya matamshi yanayojirudia. Wanafunzi wakijikwaa mahali pamoja mara zote, usiwalaumu. Neno "yang'aa" ni mfano: ya-ng'a-a ni mizani tatu, lakini darasa likiharakisha hugeuka kuwa mbili na kipande kizima huyumba. Lifanyie mazoezi peke yake, kwa makofi, kabla ya kulirudisha kwenye mshororo.

Hatua ya nane: ligawe kwa ajili ya kukariri

Gawa darasa katika makundi matano na kila kundi lichukue ubeti mmoja, wote wakiungana kwenye kibwagizo. Kundi la kwanza liwe kubwa zaidi na kila linalofuata liwe dogo kuliko lililotangulia, hadi ubeti wa tano usemwe na watoto watatu au wanne tu. Kwa njia hiyo sauti nayo hupungua jinsi viumbe vinavyopungua, kisha darasa zima hulirudisha shairi kwa kibwagizo cha mwisho chenye "tumefika".

Kasi nayo ibadilike. Ubeti wa kwanza uende kwa mwendo wa mtu anayetembea barabarani. Kuanzia ubeti wa nne pumziko kati ya ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, lirefuke kidogo, na katika ubeti wa tano livutwe hadi msikilizaji aisikie pumzi ya wakariri. Ishara za mikono zitumike kwa uchache: kuchuma chai katika ubeti wa kwanza na kumshika mwenzako bega penye ukungu zinatosha. Nimeona makundi ambayo kila neno limepewa ishara yake, na watazamaji hubaki wakitazama mikono badala ya kusikiliza mlima.

Kwa gredi ya tatu, shairi hili linaweza kupunguzwa kwa kuuondoa mshororo wa tatu katika kila ubeti, likawa tathlitha yenye mishororo mitatu, nalo bado litapanda. Utapoteza mito, mbega, ukungu, pimbi na barafu, na kati ya hivyo ukungu ndio ninaousikitikia zaidi, kwa hiyo katika ubeti wa tatu uondoe mshororo wa pili badala ya wa tatu. Kwa gredi ya sita, fanya kinyume: waachie wanafunzi nafasi ya ubeti mmoja kati ya mianzi na lobelia, kwenye mita 3,000 hadi 3,500 hivi, mahali ambapo miti ni mifupi, imepinda, na matawi yake yamening'iniwa na kuvumwani ndefu za kijivu kama ndevu. Wape kina cha mwisho "-ni", wape mizani nane kwa nane, wachague kina cha kati wenyewe, na uwakumbushe kwamba katika ubeti huo mianzi imekwisha kubaki nyuma na mwamba bado haujafikiwa.